Jina la Mtoto wa Karatasi

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Iringa aliniletea daftari lake la hadithi za picha. Michoro ilikuwa mizuri, lakini jina la shujaa wake lilinifanya nilifunge daftari. Alikuwa amemwita Kigugu, kwa sababu mvulana huyo wa picha ana kigugumizi.

Nikamwuliza, “Je, kijijini kwenu yuko mwenye kigugumizi?” Akainama. Kumbe yuko. Daftari lilipopita mikononi mwa watoto, walianza kumwita yule jirani Kigugu, naye akaacha kuja kwenye mazoezi ya kwaya. Kijana hakukusudia ubaya. Lakini tazameni: jina la kuchekesha halikai katika karatasi. Linatoka na kutafuta mtu wa kumvika.

Basi, shujaa wa kuchekesha apewe jina gani? Wachoraji wetu wa zamani walijua. Katika gazeti la Sani watu walimcheka Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Uvivu na undumakuwili ni tabia. Mtu aweza kuziacha leo jioni. Kigugumizi hakiachwi kwa kutaka. Kwa hiyo mpe shujaa wako jina la kosa ambalo kila msomaji analo kidogo, ili anapocheka ajicheke mwenyewe.

Jambo la pili ni sikio. Mwaka 2010 huko Nairobi ilianza hadithi ya picha iitwayo Shujaaz. Herufi ile ya mwisho ni wingi wa Kiingereza uliobandikwa kwenye neno letu, kama wafanyavyo vijana wanaosema Sheng. Kijana wa mjini alilisikia akajua, “Hii ni yetu.” Shujaa wake aliitwa Boyie. Kijana akisikia jina hilo humwona mwenzake wa mtaani. Lakini mzee aliyeishi zamani za ukoloni aweza kukumbuka “boi”, mtumishi wa nyumbani. Jina moja, masikio mawili. Nayo hadithi ile ilipoletwa Tanzania mwaka 2015, haikuja na Boyie. Kwetu shujaa aliitwa DJ Tee. Kwa hiyo kabla hujalichapa jina, liseme mbele ya Mhehe, Mbena, Msafwa na Mnyakyusa. Ukiona mmoja anaziba mdomo kwa aibu, uliza sababu.

Mimi na kijana yule tukaanza upya. Nikamwuliza, “Mvulana wako ana miaka mingapi?” “Kumi na minne.” “Kosa lake?” “Anachelewa. Ukimwita husema, Bado kidogo!” Tukatazamana, tukacheka. Jina lilikuwa limekwisha kupatikana: Bado. Nayo hadithi yenyewe itaitwa Bado Kidogo, maana hata kimo chake ni kidogo.

Tukalijaribu katika picha nne. Bado na mama yake wanasafiri kutoka Mafinga kwenda Mbeya na gunia la viazi. Picha ya kwanza, mama amekwisha kuketi ndani ya basi. Bado yuko nje ananunua karanga. Ya pili, kondakta anauliza, “Nani bado?” Mama anajibu, “Bado.” Ya tatu, kondakta anakasirika: “Ndiyo, mama, lakini nani?” “Nimekwambia, Bado!” Ya nne, basi linaondoka, gunia juu, na mvulana analikimbilia akimwaga karanga. Chini, pembeni, neno moja tu: “Bado!”

Neno lile la mwisho ndilo ndoana. Ni jina lake, ni kosa lake, tena lamwambia msomaji kwamba hadithi haijaisha. Wala halichukui nafasi: lina silabi mbili, linaingia katika kipovu chembamba cha maneno, na mtoto wa darasa la pili hulisoma bila kukwama.

Lakini mzaha huo una mpaka. Ukiurudia katika kila picha, utachosha upesi. Mara moja kwa kila toleo yatosha. Na siku moja mwache Bado awahi kufika, apige hodi, asiwepo wa kumwamini. Jina jema humruhusu mwenye jina kubadilika.

Mwisho, lipime hivi. Wasimulie watoto watatu hadithi yako, usiwaonyeshe daftari. Baada ya juma moja waulize shujaa aliitwaje. Wakikwambia, “Yule mchelewaji,” wamekumbuka tabia na kusahau jina, tafuta lingine. Yule kijana wa Iringa alipowauliza wake, wote watatu walijibu pamoja, “Bado!” Yeye akadhani wanaomba muda wa kufikiri.

Daftari la kwanza amelichoma. Kwa jirani yake amekwenda mwenyewe kuomba radhi. Je, amerudi kwaya? Bado.