Kosa la Sh200,000 lililofichua pengo la mamilioni

VYAMA vingi vya akiba na mikopo nchini hufunga hesabu zao Desemba, kisha wakaguzi huingia kazini kabla ya mikutano mikuu ya wanachama. Huo ndio wakati ambapo mvutano wa kimyakimya huzuka kati ya mkaguzi na wasimamizi: ni makosa yapi yarekebishwe, na yapi yaachwe yalivyo?

Uamuzi huo hufuata viwango viwili vya kimataifa. ISA 530 huongoza uchunguzi wa sampuli, nacho ISA 450 huongoza upimaji wa makosa yaliyopatikana.

Chukulia mfano wa chama kilichopata riba ya Sh200 milioni kwa mwaka. Mkaguzi ameamua kwamba makosa yakifika Sh3 milioni yanaweza kubadili uamuzi wa anayezisoma hesabu hizo, na kwamba kosa lisilofika Sh150,000 ni dogo mno kuorodheshwa. Kwa kuwa hawezi kukagua kila mkopo, anachukua sampuli yenye riba ya Sh20 milioni. Humo anagundua kwamba baadhi ya wanachama walichukua mikopo mipya iliyofuta ya zamani, lakini mtambo ukaendelea kuitoza riba mikopo iliyokwisha kufutwa. Riba imezidishwa kwa Sh200,000.

Mweka hazina huwa na jibu tayari: kiasi hicho kiondolewe na mjadala ufungwe. Hapo ndipo wengi hupotea njia. Sampuli ni dirisha la kuchungulia nyumba nzima. Iwapo asilimia 1 ya riba iliyochunguzwa ina kosa, makadirio ni kwamba asilimia 1 ya riba yote, yaani Sh2 milioni, ina kosa pia. Kuondoa Sh200,000 kunabakisha Sh1.8 milioni katika sehemu ambayo hakuna aliyeikagua.

Makadirio haya yanafaa tu ikiwa sampuli inawakilisha mikopo yote. Mikopo iliyoteuliwa kwa sababu ilitiliwa shaka haiwezi kutumiwa kuhukumu mingine. Vilevile, wasimamizi wakidai kwamba kosa hilo ni la kipekee, mkaguzi hapaswi kulikubali neno hilo mpaka afanye uchunguzi wa ziada na kupata ushahidi thabiti kwamba halikutokea kwingine. Katika mfano huu dai hilo halina mashiko, kwani chanzo ni mtambo unaohudumia wanachama wote.

Kisha mkaguzi hujumlisha kila kilichosalia. Tuseme gharama za Desemba za Sh600,000 hazikuandikwa, na kwamba fedha zilizotengwa kwa mikopo isiyolipika ni pungufu kwa Sh900,000 kulingana na tathmini yake. Pamoja na ile Sh1.8 milioni, jumla ni Sh3.3 milioni. Hakuna kosa hata moja lililovuka mpaka peke yake, lakini yote yanaelekea upande mmoja: kuvimbisha faida ambayo wanachama watagawiwa.

ISA 450 humtaka mkaguzi aombe makosa yote aliyoyaorodhesha yarekebishwe, ila namna ya kuomba hutofautiana. Gharama za Desemba zina stakabadhi. Ziandikwe mara moja. Kuhusu fedha zilizotengwa, wasimamizi waombwe kupitia upya misingi ya makadirio yao. Ile Sh1.8 milioni ni hesabu ya kukisia, hivyo haifai kuingizwa vitabuni jinsi ilivyo. Wasimamizi waombwe kupitia mikopo yote ya aina hiyo, wapate kiasi halisi na kukirekebisha, kisha mkaguzi aikague kazi yao.

Wasimamizi wakirekebisha gharama pekee, Sh2.7 milioni hubaki. Kiasi hicho kiko chini ya mpaka, lakini mkaguzi makini hatulii. Sampuli ingeweza kukosa makosa mengine, na nafasi iliyosalia ni Sh300,000 tu.

Isitoshe, uzito wa kosa haupimwi kwa shilingi pekee. Kanuni hutaka mtaji wa msingi wa vyama vinavyopokea amana usipungue asilimia 10 ya mali yote. Kosa dogo linaloficha kwamba chama kimeshuka chini ya kiwango hicho ni zito, hata kama halifiki Sh3 milioni.

Wasimamizi wakikataa, mkaguzi huwauliza sababu, huiarifu bodi kuhusu makosa yaliyobaki na athari yake kwa maoni atakayotoa, na kudai tamko la maandishi kwamba wanayaona hayana uzito. Yakiwa mazito, hawezi kutoa hati safi.

Kwa hivyo, mwanachama anayeambiwa mkutanoni kwamba makosa yote yaliyoonekana yamesahihishwa ana swali moja la kuuliza: je, yale ambayo sampuli iliashiria yalifuatiliwa?