VLOOKUP inapouza nguru kwa bei ya kolekole

Leo nina neno na wale wanaoandika ankara kwa Excel, hasa ndugu zetu wa maduka ya samaki kuanzia Kilifi hadi Malindi wanaopeleka mzigo kwenye mahoteli. Maoni yangu nayatoa mapema: fomula ya VLOOKUP isiyo na neno FALSE mwishoni haifai kukaa kwenye ankara, hata kama leo inatoa bei sahihi. Na ile dawa tunayopeana kila siku, "panga orodha kwa alfabeti", si dawa.

Tuchukue duka moja la kubuni pale Malindi. Mwenye duka ana ukurasa unaoitwa Bei, na samaki ameorodhesha kama anavyowaandika ubaoni, wa bei ya juu kwanza. Bei ni za mfano, kwa kilo:

```
     A          B
2    Kamba      1200
3    Nguru      800
4    Changu     650
5    Kolekole   600
6    Tafi       500
7    Pweza      450
8    Dagaa      250
```

Kwenye ukurasa wa ankara jina la samaki liko A2, na bei inaletwa na fomula hii:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$B$8,2)
```

Ukiitazama haina kosa. Lakini VLOOKUP ina sehemu ya nne, na usipoiandika Excel hujaza yenyewe TRUE. Maana yake ni: "nitafutie jina hili, na ukilikosa nipe lililo karibu kwa chini". Ili kazi iende haraka, Excel haisomi orodha mstari kwa mstari. Hufanya kama mtu anayetafuta neno kwenye kamusi: hufungua katikati, huuliza neno liko mbele au nyuma, kisha huacha nusu nzima bila kuitazama. Kamusi imepangwa, kwa hivyo mtu hufika. Ubao wa samaki haukupangwa kwa alfabeti.

Andika Nguru tuone. Excel inafungua katikati, mstari wa 5, inakuta Kolekole. N huja baada ya K, basi inashuka chini, na hapo nguru halisi wa mstari wa 3 ameshaachwa. Katikati ya nusu iliyobaki ni Pweza; N huja kabla ya P, inarudi juu kidogo. Inakuta Tafi, N huja kabla ya T, inarudi tena. Sasa imeishiwa na nafasi, inasimama Kolekole na kukupa 600. Nguru wa shilingi 800 ameuzwa 600, na hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Tafi naye yamemkuta. Katikati ni Kolekole, inashuka. Inakuta Pweza, inashuka tena. Inakuta Dagaa, na kwa kuwa T huja baada ya D inaridhika. Bei: 250 badala ya 500. Ankara moja ya kilo 30 za nguru na kilo 20 za tafi imepoteza shilingi 6,000 na shilingi 5,000. Jumla ni 11,000 kwa siku moja.

Kamba na Kolekole wao wanatoka sawa, kwa bahati tu ya mahali walipokaa. Changu na Dagaa wanatoa #N/A. Hapa ndipo mtego ulipo. Karani anaona #N/A kwenye changu, anaandika 650 kwa mkono, na anaamini kuwa kosa limekwisha kwa sababu kosa analolijua ni lile linaloonekana. Mahoteli nayo yakitozwa zaidi yatapiga simu siku hiyo hiyo. Yakitozwa pungufu, nani atapiga? Kwa hivyo makosa yanayodumu miezi kwenye faili ni yale yanayomuumiza mwenye duka.

Sasa tupange orodha kwa alfabeti: Changu, Dagaa, Kamba, Kolekole, Nguru, Pweza, Tafi. Majina yote saba yanarudi na bei zake. Karani anafurahi. Halafu siku moja linaingia jodari, ambaye hayumo kwenye orodha. Karani anaandika Jodari, na fomula inampa 250. Kwa nini? Kwa sababu jina lililo karibu kwa chini ya Jodari ni Dagaa. Orodha imepangwa vizuri kabisa, na jodari ameuzwa kama dagaa. Ndiyo maana nasema kupanga hakutibu: kunaondoa aina moja ya kosa na kuacha nyingine.

Kuzikamata fomula hizi si kazi ngumu. Bonyeza Ctrl+F, andika VLOOKUP, fungua Options, chagua Within: Workbook na Look in: Formulas, kisha Find All. Fomula zote zitajipanga chini. Zipitie: isiyoishia na FALSE au 0 ni mshukiwa.

Kisha mhoji mshukiwa. Weka safu mpya pembeni, na badala ya kuomba bei iliyo safu ya 2, omba jina lenyewe lililo safu ya 1, ulilinganishe na ulichoandika:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$B$8,1)=A2
```

Ikijibu TRUE, bei ilitoka kwenye mstari wa samaki huyo. Ikijibu FALSE, bei ni ya samaki mwingine; ondoa =A2 uone ni ya nani. Fanya hivi kwenye ankara za miezi iliyopita pia, uchuje FALSE zote, nawe utajua deni ni kiasi gani na ni la nani. Jaribio hili lina mpaka wake: halijui kama bei uliyoiandika kwenye orodha ni ya leo au ya mwaka jana.

Dawa yenyewe ni hii:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$B$8,2,FALSE)
```

Baada ya hapo usishangae #N/A zikiongezeka. Nyingine ni samaki ambao hawamo, nyingine ni jina lenye nafasi tupu mwishoni, ambalo machoni ni Nguru lakini kwa Excel ni neno jingine. Safisha kwa TRIM pande zote mbili. Usirudi kwenye TRUE eti kwa sababu "ilikuwa inafanya kazi", wala usizifunike kwa IFERROR yenye sifuri. #N/A ni karani mwaminifu anayesema hajui bei.

Wapo watakaosema TRUE ina kazi yake, na ni kweli. Ukiuza pweza kwa madaraja ya uzito, chini ya kilo 1 bei hii, kuanzia kilo 1 bei ile, unahitaji daraja lililo chini ya uzito wako. Hapo panga mipaka kutoka 0 kwenda juu, na uiandike TRUE waziwazi ili atakayerithi faili ajue ulikusudia.

Lakini jina la samaki si daraja. VLOOKUP imekuwemo tangu Excel ya kwanza ya mwaka 1985, na tabia hii imebaki hadi leo ili mafaili ya zamani yasivunjike. XLOOKUP, iliyotangazwa mwaka 2019, yenyewe hutafuta jina kamili usipoiambia vingine. Kama Excel yako haina XLOOKUP, neno FALSE lina herufi tano tu. Ziandike kabla ankara ya kesho haijatoka.