FUNDI KIJIJINI: Grenda inayouzwa ielezwe namna hii

Mwezi huu tunazungumza juu ya grenda. Grenda ni mashine ya mkononi ya kukatia na kusugulia vyuma. Hutumia umeme, na mbele yake hufungwa diski inayozunguka kwa kasi sana. Katika Mkoa wa Katavi mafundi huitumia kukata nondo, kutengeneza madirisha ya chuma, na kusawazisha mahali palipochomelewa kwenye plau na mikokoteni ya ng'ombe.

Grenda nyingi za vijijini hazikununuliwa mpya. Zimetoka kwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine. Muuzaji hubandika karatasi sokoni Mpanda, au hutuma maneno kwa simu. Mara nyingi huandika hivi: "Grenda inauzwa. Nzima kabisa. Bei maelewano."

Maneno hayo hayamwambii mnunuzi kitu. Mtu wa Inyonga akiyasoma, hajui kama jenereta yake itaiweza mashine hiyo. Hajui kama kifuniko cha kinga kipo. Hajui "nzima" maana yake imekata chuma, au imewashwa tu ikanguruma. Anaweza kupoteza nauli na fedha. Anaweza pia kupoteza jicho.

Tuchukue mfano wa kikundi cha mafundi katika kijiji kilicho njia ya kwenda Karema. Wana grenda ndogo wanayotaka kuuza. Tuandike nao tangazo lao, hatua kwa hatua.

KWANZA: NGUVU YA MASHINE

Kila grenda ina kibao kidogo ubavuni. Safisha kibao hicho kwa kitambaa, kisha nakili yaliyoandikwa kama yalivyo. Kwenye grenda ya mfano wetu yameandikwa hivi: 850 W, 220–240 V, 50 Hz, 11000/min, 115 mm.

Maana yake ni hii. Mashine inakula wati 850. Inataka umeme wa kawaida wa nyumbani, wa volti 220 hadi 240. Inazunguka mara 11,000 kwa dakika moja ikiwa haina mzigo. Diski yake ina upana wa milimita 115, wala si zaidi.

Mnunuzi asiye na umeme wa nguzo atauliza juu ya jenereta. Usimwambie kuwa jenereta ya wati 900 inatosha. Grenda inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi, na inapokata chuma huvuta tena. Kwa grenda ya wati 850, jenereta ya wati 2,000 hufanya kazi bila kulemewa. Umeme mdogo wa jua, ule wa kuwasha taa na kuchaji simu, hauiwezi.

Andika pia urefu wa waya, na kama umeungwa mahali. Waya uliofungwa kwa utepe usiuite mzima. Ukate pale ulipochubuka, ufunge plagi upya, kisha andika urefu uliobaki.

PILI: VITU VINAVYOKWENDA PAMOJA NAYO

Grenda haiuzwi peke yake. Inakwenda na kifuniko cha kinga, mpini wa pembeni, spana ya kufungulia nati, na nati zake mbili za kubana diski. Vitaje kimoja kimoja. Kisichokuwapo, andika "hakipo".

Kifuniko cha kinga kina habari kubwa kuliko vingine. Mara nyingi kifuniko kinapokosekana hakikupotea. Kiliondolewa ili diski kubwa iingie. Fundi huona diski ya milimita 180 inakata kwa kina zaidi, akaifunga kwenye mashine ya milimita 115. Hapo ndipo ajali inapoanzia.

Sababu yake ni hii. Diski ikiwa kubwa, ukingo wake hukimbia zaidi, ingawa mashine ni ile ile. Kwenye grenda ya mizunguko 11,000, ukingo wa diski ya milimita 115 hukimbia mita 66 hivi kwa sekunde. Ukingo wa diski ya milimita 180 hupita mita 100 kwa sekunde. Diski nyingi za kukatia zimetengenezwa kuvumilia mita 80 tu. Ikizidishwa, inaweza kupasuka, na vipande vyake hurukia uso na shingo ya fundi. Kifuniko ambacho kingevizuia ndicho kilichoondolewa.

Kwa hiyo mnunuzi akiona grenda haina kifuniko, aulize ilitumika na diski gani. Na asiitumie mpaka apate kifuniko kinachoifaa.

Kama unatoa na diski, zitazame. Diski nyingi za kukatia na kusugulia zina pete ya chuma katikati, na juu ya pete hiyo umepigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika. Diski iliyopita tarehe, iliyolowa maji, au yenye ufa, usiiuze wala usiigawe. Ivunje uitupe.

TATU: JARIBU, KISHA ANDIKA ULICHOKIONA

Anza kujaribu plagi ikiwa imechomolewa. Shika mahali diski inapofungwa, utikise. Pakicheza, beringi zimekwisha. Zungusha kwa mkono. Ukisikia mikwaruzo, gia au beringi zina kasoro. Fungua kaboni mbili uzitazame. Zikiwa fupi kuliko milimita 5, weka mpya. Bonyeza swichi na kuiachia mara kadhaa. Isiyorudi yenyewe vizuri ni mbovu.

Sasa funga diski nzima, funga kifuniko na mpini, chomeka plagi. Iwashe kwa dakika moja bila kukata kitu. Simama pembeni, usikae mbele ya ukingo wa diski. Tazama matundu ya hewa ubavuni. Cheche ndogo za rangi ya buluu karibu na kaboni ni za kawaida. Duara la moto wa manjano unaozunguka ndani ni dalili kwamba amecha imeharibika. Ukisikia harufu ya kuungua, zima mara moja.

Wauzaji wengi huishia hapo, lakini jaribio halijakwisha. Mashine yenye amecha dhaifu inaweza kuzunguka vizuri bila mzigo, kisha ikafa inapokutana na chuma. Inabidi ikate.

Bana nondo ya milimita 12 kwenye jiliwa. Kipande kinachokatwa kiwe kinaning'inia upande mmoja, ili mkato ufunguke. Ukiegemeza nondo pande zote mbili, mkato utajifunga, utaibana diski, na mashine itakurukia. Kata mara tano, ukipumzisha mashine kidogo kila mara. Iache ikate kwa uzito wake, usiikandamize.

Baada ya mkato wa tano, zima na uchomoe plagi. Diski ikiisha kusimama, gusa kichwa cha mashine penye gia. Joto ambalo mkono unavumilia ni la kawaida. Kama mkono hauwezi kukaa, grisi imekauka au beringi zinakwama. Andika ulilolikuta, hata kama si zuri. Mnunuzi aliyeambiwa kasoro ndogo mapema ataizingatia katika bei. Aliyefichwa atakurudia na mjumbe.

NNE: MAELEZO YA USALAMA

Tangazo liishie na mambo machache ya usalama ya mashine hiyo. Chagua yale yanayoumiza watu kweli.

La kwanza ni macho. Fundi avae miwani ya kazi inayofunika na pembeni. Miwani ya jua haifai. Chembe ya chuma ikiingia jichoni, mtu asifikiche na asichokolewe kwa njiti. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

La pili ni cheche. Kwetu Katavi, kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi ni kavu. Cheche za grenda huruka mita kadhaa. Usikate chuma karibu na paa la nyasi, magunia ya pamba, au pikipiki inayovuja petroli. Pipa lililowahi kuwa na mafuta usilikate kabisa, hata kama linaonekana tupu. Mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka.

La tatu ni umeme unaokatika. Umeme ukizimika katikati ya kazi, zima swichi kwanza. Ukiiacha imewashwa, umeme utarudi wakati mashine iko mezani au mikononi mwa mtoto, nayo itaruka.

La nne ni diski. Chomoa plagi kila unapobadilisha diski. Diski nyembamba ni ya kukatia tu, usisugulie kwa ubavu wake. Na usifunge diski ya meno ya msumeno ili kupasua mbao. Meno hung'ang'ania mbao, na mashine huurukia mwili.

TANGAZO LENYEWE

Sasa wale mafundi wa njia ya Karema wanaweza kuandika hivi:

"GRENDA INAUZWA. Wati 850, volti 220 hadi 240, mizunguko 11,000 kwa dakika, diski ya milimita 115 tu. Inafaa umeme wa nguzo au jenereta ya wati 2,000. Waya mita moja na nusu, umekatwa na kufungwa plagi mpya.

Inakwenda na kifuniko cha kinga, mpini, spana na nati mbili. Sanduku halipo. Diski tatu za kukatia, hazijapita tarehe.

Imejaribiwa kwa jenereta tarehe 14 mwezi huu. Ilizunguka dakika moja bila mzigo, kisha ikakata nondo ya milimita 12 mara tano. Haikupungua nguvu, haikutoa harufu. Kichwa kilipata joto la kuvumilika. Kaboni ni mpya. Kasoro: beringi ya mbele ina mlio kidogo, itahitaji kubadilishwa.

Usifunge diski kubwa kuliko milimita 115. Usiondoe kifuniko. Vaa miwani ya kazi. Mnunuzi atakata nondo mwenyewe kabla ya kulipa."

Tangazo hili linaenea kwenye nusu ukurasa wa daftari. Liandike mara mbili. Moja libandike sokoni. La pili lifunge kwenye mpini wa mashine, liende nayo kwa mnunuzi, maana huenda naye siku moja akaiuza kwa mwingine.

Toleo lijalo tutaeleza jinsi ya kubadilisha beringi ya grenda kwa vifaa vilivyopo kijijini.