“Moyo unaniuma” si kichefuchefu: mkalimani asilazimishwe kutafsiri neno kwa neno

Katika vituo vya afya vinavyopokea familia zilizokimbia vita mashariki mwa Kongo, kazi nyingi hupita mikononi mwa mkalimani. Mgonjwa anasema kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijijini kwake. Daktari aliyetoka nchi ya nje, au Mkongomani aliyekulia Kinshasa na Lingala yake, anasikiliza kwa Kifaransa. Katikati anakaa kijana mmoja au mama mmoja, mara nyingi naye ni mhamishwa, ambaye siku ya kwanza ya kazi hupewa amri moja: “Sema alichosema, neno kwa neno, usiongeze, usipunguze.”

Amri hiyo inatolewa kwa nia njema. Wakubwa wa kazi wanaogopa mkalimani atakayeficha mambo au kutia ya kwake. Lakini kwa semi za kila siku, neno kwa neno ndiyo njia ya haraka ya kusema jambo ambalo mgonjwa hakulisema.

Chukua mfano wa mama aliyefika kambini miezi miwili iliyopita. Anakaa mbele ya daktari na kusema: “Tangu tukimbie, moyo unaniuma.” Kila msemaji wa Kiswahili anaelewa: ana huzuni, kuna jambo linalomtesa ndani. Mkalimani anatii amri, anachukua neno la moyo na neno la kuumwa, anayaweka kwa Kifaransa. Tatizo ni kwamba Mfaransa akisema anaumwa moyo, maana yake ni kwamba anataka kutapika. Ndivyo watu wanavyosema wakipanda boti ziwa likiwa na mawimbi, au wakila chakula kilichoharibika. Neno ni lile lile, kiungo ni kile kile, lakini huzuni imegeuka kuwa kichefuchefu.

Daktari hana kosa anapoendelea. Mbele yake yuko mwanamke kijana mwenye kichefuchefu, na jambo la kwanza analofikiria ni mimba. Anauliza ni lini alipata hedhi yake ya mwisho. Kwa Kifaransa cha kawaida, hedhi huitwa “kanuni”, kwa sababu inarudi kwa utaratibu. Mkalimani anayefuata neno kwa neno anauliza: “Kanuni zako za mwisho zilikuwa lini?” Mama anafikiria kanuni za kambi, au sheria fulani aliyoivunja, anaanza kuogopa. Kumbe Kiswahili kina njia yake: kuona mwezi, au kuona siku zake. Lugha zote mbili zimeangalia jambo moja, yaani kitu kinachorudi kwa wakati wake. Moja imechukua picha ya sheria, nyingine imechukua picha ya mwezi wa angani.

Kisha daktari anauliza kama inawezekana ameshika mimba. Kwa Kifaransa, mwanamke “huanguka” mjamzito. Mkalimani akisema “Je, ulianguka na mimba?”, mama anasikia habari ya kujikwaa njiani, au ya mimba kutoka. Anajibu hapana, kwa ukweli wote. Anatoka na dawa ya kichefuchefu na karatasi ya kwenda kupima mimba. Hakuna aliyemuuliza kwa nini moyo unamuuma. Mume aliyebaki nyuma hakutajwa, wala usiku anaokaa macho.

Katika mazungumzo hayo hakuna aliyedanganya. Mkalimani hakuongeza wala hakupunguza. Daktari aliuliza maswali yanayofaa kwa alichosikia. Kilichovunjika ni kitu ambacho hakimo ndani ya neno moja moja, yaani ile picha ambayo watu wa lugha moja wamekubaliana kuitumia pamoja.

Ni rahisi kufikiri kwamba picha za namna hiyo ni mapambo ya wazee na ya methali. Si hivyo. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, George Lakoff na Mark Johnson, walitoa kitabu walichoonyesha humo kwamba watu wote husema kwa mafumbo kutwa nzima bila kujua. Wala hakuhitajiki kitabu kuliona jambo hilo. Sokoni bei inapanda. Kijijini habari inatembea, njaa inauma, vita inalala halafu inaamka. Mtu anapiga simu, anapiga picha, anapiga mswaki, na hakuna aliyepigwa. Kiongozi anakula pesa, na tumbo lake halina noti hata moja. Ukiondoa picha hizi zote, mazungumzo ya nusu saa yatabaki na maneno machache sana.

Tena picha hizo hazikuja moja moja ovyo ovyo. Huja kwa ukoo. Kwa Kifaransa hali nyingi ni kama shimo ambalo mtu hutumbukia ndani yake: mtu huanguka mgonjwa, huanguka katika mapenzi, na mwanamke huanguka mjamzito. Kwa Kiswahili mambo huenda kinyume. Mtu hatumbukii, bali jambo ndilo linakuja kumkamata: anashikwa na homa, anapatwa na ugonjwa, anashikwa na huzuni. Kwa hiyo mgonjwa anayesema “malaria imenishika tangu juzi” hasemi kitu cha ajabu hata kidogo, na Mfaransa anayesema ameanguka mgonjwa hajateleza popote. Kila mmoja anatembea katika njia iliyochongwa na lugha yake tangu utoto.

Ni kweli pia kwamba picha nyingine huvuka bila shida. Bei hupanda kwa Kiswahili, hupanda kwa Kifaransa, hupanda kwa Kiingereza, labda kwa sababu kila mtu duniani ameona kwamba vitu vikiongezwa, lundo linakwenda juu. Moyo mzito nao unaeleweka kwa Wafaransa vizuri. Hapo ndipo mtego ulipo. Mkalimani akishaona moyo mzito umevuka salama, anaamini moyo mkubwa nao utavuka. Kwa Kiswahili, mwenye moyo mkubwa ni jasiri au mkarimu. Kwa Kifaransa, mwenye moyo mkubwa, kwa namna moja wanavyolisema neno hilo, ni mtu aliyejaa majonzi, ambaye machozi yako karibu. Hakuna sheria inayosema mapema picha ipi itavuka na ipi itazama. Kila moja inapaswa kujaribiwa.

Mashirika mengi yanadhani yamepata dawa ya jambo hili. Fomu ya maswali ikishatafsiriwa kwa Kiswahili, hupewa mtu wa pili ambaye hajaona ya kwanza, airudishe kwa Kifaransa au Kiingereza. Kama iliyorudi inafanana na ya mwanzo, tafsiri inapita. Njia hiyo inakamata makosa mengi, lakini kwa semi inaweza kupitisha kosa kubwa kuliko yote. Moyo unaouma ukipelekwa kwa Kifaransa neno kwa neno, kisha mtu wa pili akaurudisha neno kwa neno, utarudi ni moyo ule ule unaouma. Karatasi mbili zitafanana kabisa, mkubwa wa kazi ataweka sahihi, na maana itakuwa imepotea mara mbili bila mtu kuona. Mfano mwingine wa karibu ni haja kubwa. Kifaransa cha hospitali husema mtu amekwenda “kwenye kiti”, kwa sababu zamani huko Ulaya watu wenye mali walitumia kiti chenye tundu badala ya choo. Leo neno hilo hilo lina maana ya tandiko la farasi au kiti cha baiskeli. Swali la kipindupindu likiandikwa “Umekwenda kwenye kiti mara ngapi leo?”, litarudi kwa Kifaransa safi kabisa. Mgonjwa tu ndiye hataelewa kwamba anaulizwa amehara mara ngapi.

Kipimo kinachofaa zaidi kiko kwa wale watakaoulizwa. Kabla fomu haijaanza kazi, asomewe mama mmoja, mzee mmoja, kijana mmoja, kila mtu peke yake, na aulizwe: “Kwa maneno yako, hapa tunakuuliza nini?” Mama akisema “mnaniuliza kuhusu kanuni za kambi”, kosa limeonekana mara moja. Kazi hiyo haihitaji kompyuta wala mtaalamu wa mbali. Inahitaji asubuhi moja na watu wa kusikiliza.

Katika chumba cha daktari nako dalili zipo. Swali linalofuata likiwa haliendani na jambo lililosemwa, kama pale mtu anaposema huzuni na kuulizwa kuhusu kutapika, semi imevunjika njiani. Mgonjwa aliyekuwa anasema kwa urefu akianza kujibu “ndiyo” na “hapana” tu, au akimwangalia mkalimani badala ya kujibu, kuna neno limepita vibaya. Hapo ni bora kusimama na kurudi nyuma kuliko kuendelea hadi kwenye dawa.

Lakini kumwambia mkalimani “tafsiri maana tu” nako kuna hatari yake. Moyo unaouma ni huzuni mara nyingi, si kila mara. Mzee mwenye shinikizo la damu anaweza kusema maneno yale yale akiwa na maumivu ya kweli kifuani. Mtu anayesema mguu wake umekufa huenda ana ganzi ya kupita tu, huenda pia ana jeraha ambalo damu haifiki. Mkalimani akiamua peke yake kwamba ni huzuni, au kwamba ni ganzi, amekalia kiti cha daktari.

Njia ya haki ni kumpa mkalimani ruhusa ya kusema mambo matatu kwa mfuatano. Kwanza, picha yenyewe: “Anasema moyo wake unauma.” Pili, maana yake kwa watu wake: “Kwetu hiyo mara nyingi ni huzuni, si kutapika.” Tatu, swali la kurudisha kwa mgonjwa: “Je, ni maumivu unayoweza kuonyesha kwa kidole, au ni mawazo?” Mama akiweka mkono kifuani upande wa kushoto na kusema maumivu yanapanda mkononi, daktari anajua pa kwenda. Akisema ni mawazo, na kwamba hajapata habari za mume wake tangu siku ya kukimbia, daktari pia anajua pa kwenda, na ni mahali pengine kabisa.

Hayo yanachukua dakika mbili zaidi kwa kila mgonjwa, na katika kituo chenye foleni ndefu dakika mbili si kidogo. Ila dawa ya kichefuchefu iliyotolewa kwa mtu mwenye majonzi nayo ina gharama. Mama huyo atarudi wiki ijayo na moyo ule ule, au hatarudi tena. Wakubwa wa vituo waifute ile amri ya neno kwa neno, waandike mahali pake hayo mambo matatu. Na mgonjwa anayesoma au kusikiliza haya ajue kwamba ana haki ya kusimamisha mazungumzo pale swali linapomshangaza, na kusema kwa mkalimani: “Ndugu yangu, sivyo nilivyosema. Mwambie tena.”