Kifo cha Foulata

Utotoni kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani nilikipendea vichekesho vya Kapteni Good, yale meno yake ya bandia na miguu myeupe iliyowashangaza Wakukuana, na lile pango la almasi. Juzi nimekirudia, safari hii kwa Kiingereza cha Haggard mwenyewe cha 1885, nikakwama kwa Foulata. Binti huyu ndiye aliyemuuguza Good alipojeruhiwa vitani na kushikwa na homa. Pangoni, bibi kizee Gagool anapotaka kuwafungia Good na wenzake, ni Foulata anayemng'ang'ania mpaka anachomwa kisu. Gagool anachelewa kutoka, mlango wa jiwe unamponda. Kisha Foulata anakata roho akisema afadhali afe, kwani yeye mweusi na Good mweupe wasingeweza kuoana. Jamani, nani hufa akisema hivyo? Hayo ni maneno ya Haggard, kamtia binti wa watu kinywani. Baadaye Quatermain, msimulizi wetu mpole, anatamka waziwazi kwamba kifo kile kilikuwa heri, maana kiliepusha matatizo. Mtoto mwenye haraka ya kujua kama watafika nyumbani anaipita sentensi hiyo mbio.