Usimwambie Nyanya "Lala Pema"

Wewe msomaji, hebu fungua simu uangalie meseji ya mwisho uliyomtumia mamako usiku. Nabeti ni "gudinaiti", au "Usiku mwema" kavu, kama mtangazaji anayefunga taarifa ya habari. Kosa hapo hakuna. Joto ndilo halipo.

Langu lilikuwa baya zaidi. Nilipohama Kibokoni kwa nyanya yangu nikaenda kupanga Kisauni, usiku wa kwanza nilimwandikia: "Lala pema nyanya." Nilidhani nimetoa maneno matamu. Simu ikalia papo hapo. Hata salamu hakutoa: "We mjukuu wangu, ushanizika?"

Alikuwa na haki. "Pema" ni pale tunapomwombea maiti: Mungu amlaze mahali pema peponi. Ukimwambia mzee aliye hai, tena anayeishi peke yake, unamtia baridi ya mgongo. Hata "Lala salama" siku hizi tunaiandika chini ya picha za marehemu, kwa hivyo ikisimama peke yake yaweza kugusa pabaya.

Dawa yake ni ndogo sana: herufi mbili tu. Usiseme "lala", sema "ulale". "Lala" ni amri, ndiyo tunayompa mtoto anayeruka kitandani saa tano. "Ulale salama" inakuwa dua, sawa na "ufike salama" au "upone haraka". Wakiwa wengi ndani ya nyumba, "mlale salama". Halafu ongeza asubuhi: "tuamke na afya, inshallah". Hapo hakuna atakayefikiria kaburi, manake umeshapanga kuonana naye kesho.

Na "lala unono"? Unono ni ile raha ya mwili ulioshiba, na neno lenyewe ni la ubavuni. Mimi namwachia mke, mume, au mtoto mdogo unayemfunika shuka. Ukimtumia shemeji yako, jitayarishe kujieleza.

Wazee wa Mji wa Kale wana yao: "Alamsiki". Jibu lake ni "Binuru", yaani kwa nuru. Nimeisikia tangu utotoni barazani watu wakiagana baada ya Isha, na naona haya kwamba wengi wetu tukiambiwa "Alamsiki" tunajibu "poa". Mzee ametuombea usiku, sisi hata nuru hatumrudishii. Jifunze jibu kwanza, kuianzisha wewe kutakuja.

Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo sikufundishi sarufi hapa. Nakwambia tu kilichofanya kazi. Sasa hivi kila usiku naandika: "Ulale salama nyanya, tuamke na afya." Naye hujibu: "Amin. Ushakula?"

Hilo swali la mwisho, wallahi, ndilo linalonilaza.