Mageuzi Yaliyouzwa Mara Nne

Mjadala kuhusu misaada ya kigeni huwagawa watu makundi mawili: wanaoiona kuwa neema na wanaoiona kuwa utumwa. Tuuache ubishi huo kwa muda, tulifuate gunia la mahindi likielekea Makindu.

Makindu, iliyo kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, ni mahali pakavu. Mvua inapokosa kunyesha, wenyeji hununua mahindi yaliyolimwa mbali, hasa katika Bonde la Ufa. Kwa miaka mingi, kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali cha bodi ya nafaka. Kibali kilizaa vizuizi barabarani, vizuizi vikazaa hongo, nayo hongo ikaingia katika bei. Mkulima aliuza kwa bei duni, mnunuzi wa Ukambani akalipa ghali.

Tangu miaka ya 1980, Benki ya Dunia iliikopesha Kenya kwa sharti kwamba biashara hiyo iachwe huru. Serikali iliahidi, ikapokea fedha, na vibali vikabaki. Vilipolegezwa, vilirudishwa tena; vilifutwa mwishoni mwa 1993. Mwanauchumi Paul Collier ameandika kwamba Kenya iliiuzia Benki hiyo mageuzi yale yale ya kilimo mara nne katika miaka 15.

Kwa nini mnunuzi alinunua bidhaa asiyoipata? Maofisa wa mkopeshaji husifiwa kwa fedha walizotoa, na kuukatiza mkopo mpya kungehatarisha malipo ya ule wa zamani. Serikali nayo ilihofia njaa, lakini pia waliofaidika na vibali walikuwa karibu nayo, ilhali mnunuzi wa Makindu alikuwa mbali.

Msomaji atauliza: je, Novemba 1991 wafadhili hawakusitisha misaada mipya, na mwezi uliofuata kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa? Ni kweli. Hata hivyo, Wakenya walikuwa wamekwisha kumwaga damu kwa ajili hiyo katika Saba Saba ya 1990. Sharti lilisukuma mlango uliokuwa tayari ukisukumwa kutoka ndani.

Tazameni sasa mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu ya Makueni. Wanakijiji huchimba msingi na kukusanya mawe. Mfadhili huleta saruji. Ukuta ukisimama juu ya mwamba imara, mafuriko huujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa humo hata kiangazi. Mahali pakichaguliwa vibaya, hujaa matope badala ya mchanga, na kazi yote hupotea.

Tofauti haiko katika ukubwa wa fedha. Katika mahindi, fedha zilifuata ahadi. Mtoni, saruji hufuata mawe. Mwanafunzi anayesoma habari za mkopo mpya na aulize kwanza: mawe yako wapi?